Kamera ya Gikomba na Kamera ya Simu

Ukiwa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, mtu akikuambia "nina kamera" usitabasamu ukidhani anakupiga picha. Anamaanisha nguo za kwanza kabisa kutoka kwenye robota: zile ambazo rangi haijachuja, lebo bado inasomeka, kitambaa hakijatoa vinyweleo. Robota likipasuliwa, wateja wa kamera ndio wanaosimama mbele. Wakishamaliza kuchagua, yanayobaki yanapangwa ya pili, ya tatu, na mwisho kabisa fagia, ambayo jina lake linajieleza.

Shangazi yangu ameuza blauzi za kike pale kwa miaka mingi. Mwaka 2020, serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, alikaa nyumbani Umoja akitazama wenzake wakiuza kwenye simu mali waliyokuwa wameweka akiba. Wazo likamwingia. Lakini kulitekeleza kulimchukua muda, na alipokuwa tayari aliniita mimi, kwa sababu niliwahi kuandika matangazo ya redio na kwake hiyo ni kazi ileile. "Niandikie maneno ya kusema nikifungua robota mbele ya simu. Mimi nikiona watu siwezi kunyamaza, nikiona simu nakuwa bubu."

Nilimwandikia kurasa tatu. Naona haya kuzisoma leo. Zilianza na salamu kwa wapenzi watazamaji popote walipo, zikaendelea na historia yake sokoni, kisha aya nzima kuhusu ubora wa mitumba. Jumapili ile, saa tisa alasiri, simu ikiwa imefungwa kwa mpira kwenye mgongo wa kiti, alisoma ukurasa wa kwanza kama anayesoma tangazo la mazishi. Nilikuwa pembeni nikitazama idadi ya waliokuwa wakitutazama: 64, 51, 30, 19.

Kilichotuokoa ni mkasi. Alipofika mahali nilipoandika "sasa tunafungua", mkasi haukuwepo. Akaacha karatasi, akawageukia wajukuu: nani amechukua mkasi wangu, nimeuweka hapa sasa hivi, nyinyi watoto mtaniua. Akainua mito ya kochi, akachungulia chini ya robota lenyewe. Kwenye skrini watu wakaanza kuandika. Mmoja akasema uko kwenye friji. Mwingine akamwambia atumie meno. Tulipoupata, walikuwa 70 na ushei.

Usiku ule nilichana zile kurasa. Nilikuwa nimeandika kama mtu anayeuza kitu anachokijua, na robota hakuna anayelijua. Aliyelinunua hajui kilichomo, anayelitazama hajui, na hilo ndilo linalomfanya mtu atumie bando lake kukaa hapo. Maneno yanayokuja kabla ya mkasi yanatakiwa kufanya kazi moja tu, nayo ni kumhakikishia mtazamaji kwamba kweli hakuna anayejua.

Hiyo si kazi ndogo. Kila mnunuzi wa mitumba Nairobi amewahi kusikia habari za robota lililochezewa, yaani lililofunguliwa, likatolewa kamera, likajazwa fagia na kushonwa tena. Kwa hiyo dakika mbili za kwanza za maandishi mapya hazikuwa na sifa yoyote. Zilikuwa za kuonyesha kwa mkono. Niliandika hivi:

"Kastoma wangu, hili hapa ni robota la blauzi za kike. Nalizungusha polepole, mtazame. Hii ndiyo karatasi ya walioifunga mali, inasema kilo 45. Tusiiamini karatasi, tulipime." (Lipandishe kwenye mizani ya kuning'inia. Nyamaza hadi mshale utulie.) "Hii mikanda, tazameni, imekaa kwenye alama zake, hakuna alama nyingine pembeni. Huu uzi wa gunia ni wa rangi moja kutoka pembe hii hadi ile. Gunia lililoshonwa mara mbili lina matundu ya sindano ya zamani. Yatafuteni hapa. Mkiyaona, niambieni."

Hilo la mwisho ndilo watu hulipenda. Anawapa kazi. Na alama zenyewe ni za kweli, ni zilezile anazozitazama yeye dukani kwa wauzaji wa jumla kabla hajatoa pesa, kwa sababu robota likishakatwa mkanda halirudi. Ukilia, unalia nalo nyumbani. Kuna alama nyingine ambayo haionekani hadi baada ya kukata. Robota limebanwa kwa mashine, kwa hiyo nguo za ndani hutoka zimegandamana kama chapati zilizopangwa, mikunjo ikielekea upande mmoja. Ukiona zinatoka zimefura, kila moja na mkunjo wake, kuna mkono uliotangulia. Sentensi ya hilo pia niliiandika, lakini akaiweka kwa maneno yake: "Oneni zilivyolala. Hizi hazijaamshwa na mtu."

Kukata kwenyewe kuna adabu zake, na nilipaswa kuziweka kwenye karatasi kwa sababu mbele ya kamera mtu hupata papara. Mkanda wa plastiki uliobana kilo 45 ukikatwa unaruka, kwa hiyo anakaa ubavuni mwa robota na uso ameugeuza. Wajukuu wanasimama nyuma ya kochi. Gunia halichomwi kwa kisu. Analivuta kidogo kwa vidole, anaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono na kukata akielekea nje. Mara moja tu alichoma, akatoboa blauzi tatu kwa mpigo, zimepangana, tundu mahali pamoja, kama zimepigwa risasi.

Sasa kuhusu kamera, ile ya Gikomba.

Jumamosi, siku moja kabla ya kufungua robota la pili, walimpigia simu wanawake wawili wenye maduka ya nguo mjini. Ni wateja wake wa siku nyingi. Wakasema tuwekee kamera, tunakuja asubuhi. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye maneno ya ufunguzi: "Sijachagua, sijapunguza, nanyi mtaona kinavyotoka." Nikamwambia Shangazi mambo haya mawili hayakai chungu kimoja. Akanijibu bila kuinua macho: "Wewe unahesabu maneno, mimi nahesabu pesa ya robota."

Tukakaa kuhesabu pamoja. Robota lilikuwa limemgharimu shilingi 18,500, na usafiri kutoka Gikomba hadi Umoja pamoja na kijana wa mkokoteni 700. Jumla 19,200. Blauzi moja nyepesi ina uzito wa gramu 200 hivi, basi kilo 45 zinatoa vipande 225 au karibu na hapo. (Tulipohesabu baadaye vilikuwa 231.) Ukigawa, kila kipande kimesimama kwa shilingi 83. Lakini hesabu hiyo ya kugawa sawa inadanganya, kwa sababu fagia haiuziki kwa 83 hata umwombe mtu kwa jina la mama yake. Ya tatu nayo ikiuzwa mia ni kama imejilipia yenyewe tu. Anayelibeba robota ni kamera. Wale wanawake wawili wakija asubuhi na kuchukua vipande 38 kwa shilingi 300 kila kimoja, hiyo ni 11,400 mkononi kabla ya saa nne, zaidi ya nusu ya gharama. Ndiyo maana sokoni mteja wa kamera hutengewa kigoda.

Nilimwelewa. Hata hivyo kwenye simu mambo ni mengine. Wanaotazama mubashara wengi ni watu walewale wanaokwenda Gikomba, wanajua kamera inafananaje. Robota likitoa vipande 190 bila hata kimoja cha kuruka nacho, hawahitaji kuambiwa. Wanaandika "kamera iko wapi mama?" na kila anayeingia anasoma hilo kwanza.

Nikampa njia mbili, zote za ukweli. Moja, awape wale wawili kamera yao asubuhi, kisha alasiri aseme waziwazi: "Robota hili kamera imeshatoka. Nilizo nazo ni za pili, na ndiyo maana leo ni 150." Hilo halina aibu, na wapo wanaotafuta bei tu ambao wangefurahi kuondolewa kwenye mashindano ya nguo ghali. Mbili, afungue lote mbele ya watu, na wale wawili waingie kwenye simu kama wengine. Akachagua ya pili, kwa shingo upande. Mmoja wa wateja wake alikasirika na hajarudi hadi leo. Mwingine aliingia, akatulia kimya, akanyakua vipande kumi na kimoja.

Basi tulifungua. Katika dakika kumi za kwanza hauzwi uzi. Anatoa mafungu, anarusha kushoto, katikati, kulia, akitaja kwa sauti: kamera, ya pili, ya tatu. Fagia zinaanguka sakafuni. Nilidhani sehemu hii itawachosha, kumbe ndiyo inayowashika, kwa sababu kila mmoja anabishana naye. "Hiyo ya maua si ya tatu mama, irudishe!" Na mara nyingine anairudisha. Mwishoni zilikuwa kamera 38, ya pili 87, ya tatu 74, fagia 32.

Ndipo nikagundua kwamba maandishi ya kuuza hayawezi kuwa sentensi. Huwezi kumwandikia mtu maneno kuhusu blauzi ambayo haijatoka. Unachoweza kumwandikia ni mpangilio, mdomo uwe na pa kushika hata ubongo ukichoka. Tuliukubali huu: namba, kitambaa, kipimo, kasoro, bei. Kila mara kwa utaratibu huo, bila kuruka.

Kipimo kilitutesa. Mwanzoni alisoma lebo, na lebo za mitumba ni mnara wa Babeli. Blauzi ya Uingereza ya 12 ni sawasawa na ya Marekani ya 8 na ya bara la Ulaya ya 40, halafu inatoka ya Kichina imeandikwa 165/88A, ambayo ni urefu wa mtu na mzunguko wa kifua kwa sentimita. Wateja wawili walipokea nguo zisizowaingia, tukala hasara ya nauli ya boda boda. Tangu hapo lebo haisomwi. Nguo inalazwa mezani, tepu inatoka kwapa hadi kwapa, anasema "inchi 19", na anayetazama anaichukua blauzi anayoipenda kabatini mwake na kuipima vivyo hivyo. Hakuna ugomvi na inchi.

Kasoro ndiyo sehemu aliyoipinga zaidi. Sokoni muuzaji hataji doa, mnunuzi ana macho. Nikamwambia simu haina macho, ina yale utakayoipa. Tukapanga mahali pa kuonyesha kila mara: makwapa, ambako jasho na manukato huacha umanjano usiotoka, kola kwa ndani, mapindo ya mikono, zipu kama ipo. Kisha anaingiza mkono ndani ya blauzi na kutandaza vidole, akiielekeza dirishani. Tundu lolote la nondo linawaka kama nyota. Inachukua sekunde nne. Ya kwanza kuonyeshwa hivyo ilikuwa blauzi ya bluu ya hariri bandia, nzuri ajabu, ina tundu dogo karibu na pindo. Aliposema "ona hapa, sindano na uzi itakaa, nimepunguza hamsini", waliiomba watu watano.

(Mwanga wa dirisha si mapambo. Tulijaribu kuuza usiku ili tuwapate waliotoka kazini, chini ya balbu ya manjano, na kila nyeupe ikaonekana ya maziwa na kila nyeusi ikaonekana mpya. Nyeusi iliyochuja ndiyo malalamiko namba moja. Tukarudi saa tisa alasiri.)

Kuhusu muda, kamera alizipa sekunde 45 kila moja, kwa sababu picha huchelewa sekunde kadhaa kumfikia mtazamaji na anahitaji nafasi ya kuamua. Za pili sekunde 20. Za tatu hazisimami peke yake, zinafungwa tano tano kwa shilingi 400. Ukijumlisha na dakika za robota na za kurusha mafungu, unapata zaidi ya saa moja, na hapo sauti ya Shangazi ndiyo inaanza kukwama. Fagia haziuzwi kwenye simu kabisa. Lakini niliandika ziinuliwe zote, fungu zima, mbele ya watu: "Hizi 32 ni fagia. Hii imechanika, hii ina rangi ya ukuta. Hamtauziwa hizi, zinakwenda sokoni kwa thelathini thelathini." Baada ya hapo watu huacha kuuliza kama amewafichia kitu.

Nilikosea kwenye malipo. Kwenye karatasi yangu mteja alitakiwa kuandika "yangu" pamoja na namba ya nguo, kisha alipe jioni. Ilikuwa sherehe. Kamera 33 zilichukuliwa kwa 350, za pili 41 kwa 200, mafungu sita ya za tatu. Tulihesabu 22,150 na Shangazi akatuma soda. Kufikia kesho yake mchana zililipwa 17,900. Saba waliosema "yangu" kwenye kamera na tisa kwenye za pili hawakupokea hata simu. Mtu ameinua mkono kwenye mnada kwa raha ya kuinua mkono. Ubaya wake haukuwa zile 4,250 tu, bali kwamba kila nguo iliyoshikwa na asiyelipa ilikuwa imenyimwa mwingine aliyeitaka, na huyo ameshazima simu akaenda kupika.

Tukabadilisha. Sasa nambari ya Lipa na M-Pesa imeandikwa kwa kalamu nene kwenye boksi nyuma yake, na sentensi ni moja tu, anairudia baada ya kila nguo hadi watoto wa jirani wanaiimba: "Pesa ikiingia, nguo imeondoka." Anayelipa kwanza ndiye mwenye nayo. Mimi nakaa na simu ya pili nikisoma ujumbe wa malipo na kutaja jina la kwanza, la kwanza tu. Mauzo yaliyotajwa kwa sauti yalipungua, yaliyolipwa yaliongezeka.

Kwa ile 17,900 alikuwa bado na pengo la 1,300 kufikia gharama yake, na vipande 143 nyumbani. Vilirudi Gikomba Jumanne alfajiri ndani ya gunia lilelile, na kufikia Jumatano jioni pengo lilikuwa limezibwa na faida imeanza kuonekana. Ni vizuri mtu ajue hivyo kabla hajakopa hela ya robota kwa kuona watu wakinunua kwenye skrini: simu iliuza kamera nyingi, lakini meza ya sokoni ndiyo iliyomalizia robota. Na lipo lile la mwezi wa tano, lililopimwa vizuri, mikanda safi, uzi rangi moja, likatoa kamera tisa. Hakuna aliyelichezea. Lilikuwa tu baya, na alilazimika kulitoa lote mbele ya watu 110 huku akicheka, jasho likimtoka puani.

Karatasi yangu sasa ni upande mmoja tu, imetundikwa kwenye msumari karibu na dirisha, ina madoa ya chai. Mambo matano ya kutaja yapo, mahali pa kupima papo, sentensi ya pesa ipo. Wiki iliyopita niliisoma nikaona amekata mstari wangu wa kwanza, ule wa "Kastoma wangu, hili hapa ni robota", na juu yake ameandika kwa mwandiko wake mkubwa: *Mkasi uko wapi?*

Nilimuuliza. Akainua mto wa kochi, akanionyesha anakouweka.